Tanki tupu la ardhini linaweza kuelea: Hesabu ya kufanya kabla ya kuchimba

MKULIMA au mfanyabiashara anapojenga tanki la maji chini ya ardhi, hofu yake ya kwanza huwa ni kuvuja. Hutafuta fundi mzuri wa plasta, hununua dawa ya kuzuia maji, na tanki likikaa wiki moja bila kupungua huona kazi imekwisha. Ni wachache wanaojiuliza swali la upande wa pili: tanki hilo likiwa tupu, na maji yakajaa nje yake, ni nini kitakachoendelea kulishikilia chini?

Jibu la swali hilo lina fedha ndani yake. Tanki la zege na matofali lenye uzito wa tani 20 linaweza kunyanyuka shimoni kama mtumbwi, likapinda, likavunja mabomba na kupasuka sakafu kwa usiku mmoja wa mvua. Linaponyanyuka halirudi tena mahali pake, kwa sababu tope huingia chini yake na kujaza nafasi.

Jambo hili linawahusu wakazi wa Kenyamonta na vijiji vingine vya wilaya za Serengeti na Tarime, mkoani Mara. Wilaya hizo mbili zinatenganishwa na mto Mara, unaotoka katika vilima vya Mau nchini Kenya, ukapita katika mbuga za Maasai Mara na Serengeti, kisha ukatandaa katika mabwawa ya matete kabla ya kuingia Ziwa Victoria. Sehemu za mabondeni zina udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaopasuka nyufa kiangazi na kunata miguuni masika. Ni udongo ambao wajenzi wa matanki ya ardhini wanapaswa kuuelewa kabla ya kushika sururu.

Maji yananyanyuaje tani 20?

Kanuni yenyewe ilielezwa na Arkimede wa Sirakusa zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Kitu chochote kilichozama ndani ya maji husukumwa juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji ambayo kitu hicho kimechukua nafasi yake. Ndiyo sababu ndoo tupu ukiikandamiza ndani ya pipa la maji hukataa kwenda chini, na ukiiachia huruka.

Tanki tupu la ardhini ni ndoo hiyo hiyo, ila kubwa. Mita moja ya ujazo ya maji, yaani ndoo 50 za lita 20, ina uzito wa tani moja. Kwa hiyo kila mita moja ya ujazo ya tanki iliyo chini ya usawa wa maji yaliyomo ardhini inasukumwa juu kwa nguvu ya tani moja. Kinachopingana na msukumo huo ni uzito wa tanki lenyewe na udongo wowote uliolikalia.

Tanki likiwa limejaa, hakuna tatizo. Maji ya ndani yanalikandamiza na yale ya nje hayana uwezo wa kulinyanyua. Hatari ipo pale tu mambo mawili yanapokutana: tanki liko tupu au karibu tupu, na maji ya nje yako juu. Kwa mkulima wa Mara mambo hayo hukutana kwa urahisi. Maji ya tanki huisha mwishoni mwa kiangazi, kisha mvua huanza.

Shimo linapogeuka ndoo

Wengi hujibu kwamba kwao maji ya ardhini yako mbali, kwa sababu kisima cha jirani kina kina cha mita 12 au 15. Katika udongo wa kichanga jibu hilo lina nguvu. Katika udongo wa mfinyanzi linaweza kupotosha.

Mfinyanzi haupitishi maji upesi. Fundi anapochimba shimo ndani yake, akajenga tanki katikati, kisha akarudisha udongo uliolegea pembeni, huwa ametengeneza ndoo ya mfinyanzi yenye tanki ndani yake. Maji ya mvua yanayotiririka uani, au yale yanayomwagika tanki likifurika, huzama katika udongo uliolegea na kukosa pa kutokea. Hukaa hapo, na usawa wake hupanda hadi karibu na uso wa ardhi, hata kama kisima cha jirani bado kiko chini kabisa.

Nyufa za kiangazi huongeza tatizo. Udongo mweusi ukikauka hujitenga na ukuta wa tanki na kuacha mwanya. Mvua ya kwanza huingia moja kwa moja katika mwanya huo hadi chini ya sakafu.

Hapo ndipo penye jambo linalowashangaza watu. Maji mengi hayahitajiki. Kinachonyanyua tanki ni kimo cha maji pembeni na chini yake, wala si wingi wake. Tanki lenye mzunguko wa mita 14 likiwa na mwanya wa sentimita tano kuzunguka kuta zake linahitaji takriban lita 1,200 tu, yaani mapipa sita ya lita 200, ili maji ya mwanya yafikie kimo cha mita 1.7. Kama itakavyoonekana katika hesabu hapa chini, kimo hicho kinatosha kuanza kunyanyua tani 20. Mapipa sita ni maji yanayoweza kuingia shimoni kwa mvua moja nzito ikiwa ua umeinamia upande wa tanki.

Mfano wa hesabu

Tuchukue mfano wa mfanyabiashara wa Kenyamonta mwenye duka na mashine ya kusaga, anayetaka kuvuna maji ya paa. Anapanga kujenga tanki la mstatili ambalo vipimo vyake vya nje ni urefu mita 4, upana mita 3 na kina mita 2.5. Sakafu ni zege la sentimita 15. Kuta ni matofali ya saruji yasiyo na matundu, unene sentimita 20. Kifuniko ni zege la sentimita 15, na uso wake uko sawa na ardhi. Tanki hilo litabeba takriban lita 20,500.

Hatua ya kwanza ni kupata nguvu ya kunyanyua. Zidisha urefu, upana na kina cha nje: 4 mara 3 mara 2.5 ni mita za ujazo 30. Maji ya nje yakifika usawa wa ardhi, tanki tupu litasukumwa juu kwa tani 30.

Hatua ya pili ni kupata uzito. Zege lenye nondo lina uzito wa tani 2.4 kwa mita ya ujazo. Sakafu ni 4 mara 3 mara 0.15, yaani mita za ujazo 1.8, na kifuniko ni kiasi hicho hicho. Jumla ni mita 3.6, ambazo ni tani 8.6.

Kwa kuta, toa eneo la ndani katika eneo la nje. Nje ni mita za mraba 12. Ndani ni 3.6 mara 2.6, yaani 9.36. Kinachobaki ni 2.64, ukizidisha kwa kimo cha ukuta cha mita 2.2 unapata mita za ujazo 5.8. Tofali la saruji lisilo na tundu huwa na takriban tani 2 kwa mita ya ujazo, hivyo kuta zina tani 11.6.

Jumla ya uzito wa tanki ni tani 20.2. Plasta haihesabiwi, ibaki kama akiba.

Hatua ya tatu ni kulinganisha. Kinachosukuma juu ni tani 30 na kinachokandamiza ni tani 20.2. Tanki hili, likiwa tupu na maji yakafika juu, litaelea. Upungufu ni karibu tani 10, na hakuna ubora wa plasta utakaoufidia.

Je, litaanza kunyanyuka maji yakifika wapi? Gawa uzito kwa eneo la sakafu: 20.2 kwa 12 ni takriban mita 1.7 kutoka chini ya sakafu. Kwa kuwa shimo lina kina cha mita 2.5, hiyo ni sentimita 80 hivi chini ya uso wa ardhi.

Lakini haifai kujenga kwa kusubiri mizani ilingane kabisa. Kanuni inayotumiwa sana na wahandisi ni kwamba uzito unaokandamiza uzidi nguvu ya kunyanyua kwa angalau asilimia 10, yaani uzito ukigawanywa kwa nguvu hiyo jibu lisipungue 1.1. Pale ambapo usawa wa juu wa maji unakisiwa tu, wengi hutaka 1.2 au zaidi. Kwa tanki letu, kutimiza 1.1 kunamaanisha maji ya nje yasipande zaidi ya mita 1.5 kutoka chini ya sakafu. Kwa lugha ya uani, maji yasikaribie uso wa ardhi zaidi ya mita moja tanki likiwa tupu.

Katika hesabu hii mambo mawili yasiingizwe upande wa uzito. La kwanza ni maji ya ndani, kwa sababu siku ya hatari ndiyo siku ambayo hayapo. La pili ni msuguano kati ya ukuta na udongo. Udongo mweusi unaojitenga na ukuta kila kiangazi hauwezi kutegemewa kulishika tanki.

Vilevile matofali yapimwe, yasikisiwe. Tofali la urefu sentimita 45, kimo sentimita 22.5 na unene sentimita 15 lina ujazo wa mita 0.0152. Likiwekwa kwenye mizani ya dukani likaonyesha kilo 30, hesabu ya tani 2 kwa mita ya ujazo iko sahihi. Likionyesha kilo 28, tumia tani 1.84. Tofali lenye matundu ni jepesi zaidi, na matofali ya kuchoma pia kwa kawaida huwa mepesi kuliko ya saruji.

Kujua maji yanafika wapi

Hesabu haina maana kama kimo cha maji hakijulikani. Njia ya uhakika na rahisi ni kuchimba shimo dogo la majaribio mahali pa tanki, lenye kina kinachozidi sakafu kwa nusu mita hadi mita moja, na kulitazama wakati wa masika, mwezi Aprili au Mei. Lifunikwe ili mvua isiingie kutoka juu, na mdomo wake uzungushiwe tuta dogo. Kipimo cha Agosti hakisaidii kitu.

Aliyechelewa masika anaweza kusoma udongo wenyewe. Kuta za shimo zikionyesha rangi ya kijivu yenye madoa ya kutu, mekundu au ya manjano, ni ishara kwamba tabaka hilo hulowa maji kwa muda mrefu kila mwaka, hata kama leo ni kavu. Pale madoa yanapoanzia juu ndipo maji hufika. Matete na mafunjo yanayoota karibu yanatoa habari ile ile. Wenye visima vifupi vya kuchimba kwa mkono nao hukumbuka maji yalifika pete ya ngapi katika mwaka wa mvua kubwa, na waulizwe.

Ni vyema kukumbuka kwamba mwaka wa kawaida si kipimo. Mwezi Mei 2020 usawa wa Ziwa Victoria ulipita rekodi ya mwaka 1964 iliyokuwa imedumu kwa zaidi ya nusu karne, na ardhi za mwambao zilizokuwa kavu kwa kizazi kizima zikaingiliwa na maji. Tanki hujengwa litumike miaka 30. Ndiyo maana kwa maeneo ya mabondeni na udongo wa mfinyanzi, usalama ni kufanya hesabu kana kwamba maji yatafika uso wa ardhi.

Njia tatu za kulirekebisha tanki

Njia ya kwanza na ya bei nafuu ni kutolizamisha lote. Tanki letu likijengwa mita 1.5 tu ndani ya ardhi na mita moja ibaki juu, nguvu kubwa ya kunyanyua inakuwa 12 mara 1.5, yaani tani 18. Uzito wa tani 20.2 ukigawanywa kwa 18 unapata 1.12, na tanki limepita bila kuongezewa chochote. Uchimbaji nao unapungua. Sharti ni mbili: mifereji ya paa iwe juu kuliko mdomo wa tanki, na sehemu ya ukuta iliyo juu ya ardhi iwe na nondo za kutosha, kwa kuwa haina udongo wa kuiegemea maji ya ndani yanapoisukuma nje.

Njia ya pili ni kutanua sakafu ili itokeze nje ya kuta na kukaliwa na udongo. Sakafu ikitokeza sentimita 40 kila upande, inakuwa mita 4.8 kwa 3.8, yaani mita za mraba 18.24. Ukingo uliotokeza una mita za mraba 6.24. Zege lililoongezeka ni mita za ujazo 0.94, ambalo ni tani 2.2. Udongo uliokaa juu ya ukingo, kwa kimo cha mita 2.35, ni mita za ujazo 14.7.

Hapa kuna kosa linalofanyika mara nyingi. Udongo uliolowa una uzito wa tani 1.8 hivi kwa mita ya ujazo, lakini ukiwa umezama katika maji nao hunyanyuliwa kama kitu kingine chochote. Kinachobaki kukandamiza ni tani 0.8 tu. Kwa hiyo udongo wa ukingo unachangia tani 11.7, si 26.

Sasa jumlisha. Uzito: 20.2 na 2.2 na 11.7 ni tani 34.1. Nguvu ya kunyanyua: 30 na 0.94 ya zege lililoongezeka ni tani 30.9. Gawa, unapata 1.1. Tanki limepita, maji yakiwa hadi uso wa ardhi.

Njia ya tatu ni kuongeza unene wa sakafu kwa chini. Hapa pia maji hudai sehemu yake: kila mita ya ujazo ya zege inaongeza tani 2.4 za uzito, lakini inachukua nafasi ya maji ya tani moja. Ili kufikia 1.1 tanki letu linahitaji zege la ziada la mita za ujazo 9.8, sawa na unene wa sentimita 82. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 hiyo ni zaidi ya mifuko 60 ya saruji. Ukingo wa sentimita 40 ulihitaji mifuko sita hivi na nondo zake. Tofauti hiyo ndiyo sababu wahandisi hupendelea ukingo kuliko unene.

Ukingo huo una masharti yake. Nondo za sakafu zipite chini ya ukuta hadi mwisho wa ukingo bila kukatwa, la sivyo udongo utauvunja ukingo na tanki litapanda peke yake. Udongo urudishwe kwa matabaka ya sentimita 20, kila tabaka likishindiliwa, kwa sababu udongo uliolegea hauna uzito uliohesabiwa. Tabaka la juu lishindiliwe kwa mteremko unaotoka kwenye tanki, na maji yanayofurika yapelekwe mbali kwa bomba.

Sakafu nayo isisahaulike. Kuzuia tanki lisinyanyuke ni nusu ya kazi, kwani maji yaleyale bado yanaisukuma sakafu kwa tani 2.5 kila mita ya mraba. Tanki zito lenye sakafu dhaifu halipandi. Sakafu yake huvimba katikati na kupasuka. Sakafu inayosukumwa kutoka chini huhitaji nondo karibu na uso wake wa juu, wakati mafundi wengi wamezoea kuweka wavu mmoja chini. Kuta nazo husukumwa kuelekea ndani. Unene wa sakafu, nondo na nguzo za ukuta ni hesabu nyingine, na hapo ndipo michoro ipelekwe kwa mhandisi wa halmashauri au wa RUWASA, wakala wa maji vijijini, kabla ya kununua vifaa.

Siku za hatari

Siku ya kwanza ya hatari huja kabla tanki halijaisha. Sakafu na kuta za mfano wetu bila kifuniko zina tani 15.9. Maji yakijaa shimoni hadi mita 1.3 yatalinyanyua tanki ambalo halijakamilika. Mafundi wanaojenga karibu na msimu wa mvua waache tundu la sentimita 10 ukutani, chini ya kimo hicho, ili maji ya shimo yakipanda yaingie ndani na kulikandamiza tanki. Tundu lizibwe baada ya kifuniko kuwekwa na udongo kushindiliwa.

Siku ya pili ni ya usafi. Tanki husafishwa kwa kumwagwa, na mwenye nyumba hupenda kulisafisha mvua zinapoanza ili lipokee maji mapya. Kwa tanki lisilopita hesabu, huo ndio wakati mbaya kuliko wote. Lisafishwe kiangazi, na lisimwagwe kabla ya kupima maji ya nje.

Kupima ni rahisi kama bomba la kupimia liliwekwa wakati wa ujenzi. Ni bomba la plastiki la inchi nne lililosimamishwa nje ya ukuta hadi usawa wa chini ya sakafu, lenye matundu mita moja ya mwisho, likizungukwa na kokoto na kufunikwa juu. Kamba yenye kipande cha chuma ikiteremshwa, sehemu iliyolowa inaonyesha maji yako wapi. Aliye na tanki la zamani anaweza kuchimba shimo jembamba pembeni na kulitia bomba. Maji ya nje yakiwa juu, bomba hilo hilo linaweza kutumika kuyavuta kwa pampu kwanza, kabla tanki halijaguswa.

Kwa tanki lililokwisha kujengwa bila ukingo, kinga iliyobaki ni kutolimaliza. Tanki letu la mfano likibakizwa na maji ya kimo cha mita 1.4 ndani wakati wa mvua, hayo ni tani 13, na linafikia 1.1 hata maji ya nje yakifika juu. Hasara yake ni kwamba zaidi ya nusu ya maji hayatumiki hadi kiangazi, lakini ni nafuu kuliko kujenga upya.

Dalili za kuangalia

Tanki linaloanza kunyanyuka hutoa habari. Bomba la kuingizia maji hupasuka au kuchomoka kwenye kiungo. Mdomo wa tanki huonekana umepanda kuliko sakafu ya jirani yake, au upande mmoja umeinuka. Ufa huzunguka kifuniko mahali kinapokutana na ardhi. Ndani, maji ya tope hububujika sakafuni tanki likiwa karibu kuisha. Ili kutotegemea macho, piga alama ya rangi kwenye mdomo wa tanki na nyingine kwenye msingi wa nyumba, na linganisha usawa wake kwa mpira wa maji mara mbili kwa mwaka.

Dalili ikionekana, hatua ya kwanza ni kuongeza maji ndani mara moja, hata ya mtoni. Wala mtu asiingie humo kutazama. Tanki lililoinama linaweza kuporomoka, na hewa ya ndani ya tanki lililofungwa inaweza kuua.

Simtanki na karo la choo

Kuna wanaofukia tanki la plastiki ili kuokoa nafasi. Tanki la lita 5,000 halifikii hata kilo 200, lakini likizama tupu linasukumwa juu kwa karibu tani tano. Kulizuia kwa zege pekee, bila kuhesabu udongo, kunahitaji zege la zaidi ya mita nne za ujazo lililofungwa nalo kwa mikanda imara. Isitoshe, matanki ya kawaida ya juu ya ardhi hayakutengenezwa kustahimili msukumo wa udongo, na hubonyea.

Karo la choo lina hesabu ile ile, ila lenyewe huwa limejaa siku zote isipokuwa siku moja: siku gari la kunyonya maji machafu linapokuja. Karo likifurika masika, mwenye nyumba huita gari haraka, kumbe mara nyingi linafurika kwa sababu ardhi ya nje imeshajaa. Kulinyonya lote siku hiyo ni kuliondolea uzito maji ya nje yakiwa juu kabisa. Unyonyaji upangwe kati ya Juni na Septemba, na karo lijazwe maji ya kawaida baada tu ya gari kuondoka. Ikilazimu kunyonya masika, litolewe robo tu, kiasi cha choo kuendelea kutumika hadi ardhi ikauke.

Kwa anayechora tanki lake sasa, kazi ya kwanza ni kuandika namba mbili katika karatasi: ujazo wa nje kwa mita, ambao ndio tani za kunyanyua, na uzito wa zege, tofali na udongo uliozama. Namba ya pili isipoizidi ya kwanza kwa asilimia 10, sururu isubiri.